Maelezo ya biashara mtandaoni yamekatika, yamekataliwa au yanapotosha: chanzo ni nini na yaandikwe upya vipi

Kila mtandao una kipimo chake. Maelezo ya Wasifu wa Biashara kwenye Google yanaishia herufi 750. WhatsApp Business inakupa 512, wasifu wa Instagram 150, na utambulisho mfupi wa ukurasa wa Facebook 101. Nafasi tupu kati ya maneno inahesabiwa, nukta na koma zinahesabiwa, hata kuruka mstari kunahesabiwa. Matatizo mengi huanza pale mtu anapoandika maelezo mamoja marefu, akayabandika kila mahali, kisha akaanza kupunguza kutoka mwisho mpaka yaingie.

Tutumie mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: karakana ya friji iliyoko Sinza, Dar es Salaam. Maelezo yake ya sasa ni haya:

"Karibu sana katika karakana yetu ya kisasa, sisi ni mafundi wabobezi wenye uzoefu wa muda mrefu katika kutoa huduma bora na za uhakika kwa wateja wetu wote wa ndani na nje ya Dar es Salaam. Tunajihusisha na masuala yote ya utengenezaji wa vifaa vya umeme vya majumbani kama vile friji, friza, viyoyozi, mashine za kufulia n.k. Lengo letu kuu ni kuhakikisha mteja anaridhika na huduma zetu kwa bei nafuu kabisa isiyo na mpinzani. Tuna mafundi waliosomea na wenye vifaa vya kisasa. Pia tunauza vipuri halisi kwa jumla na rejareja na tunamfuata mteja popote alipo. PUNGUZO LA ASILIMIA 20 MWEZI HUU!!! Tunapatikana Sinza Afrika Sana, Barabara ya Shekilango, ghorofa ya chini, mkabala na kituo cha mafuta. Tunafungua kila siku kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni, Jumamosi saa 3 mpaka saa 8, Jumapili tumefunga. Karibuni nyote!"

Hizo ni herufi 827. Kwa Google zimezidi 77, kwa WhatsApp zimezidi 315.

Dalili: maelezo yameingia, lakini saa za kazi zimekatika

Ukihesabu herufi 750 kutoka mwanzo wa maandishi yale, utaishia hapa: "Tunafungua kila siku kuanzia saa 2 asubuhi mpaka". Saa ya kufunga imepotea. Jumamosi imepotea. Jumapili ambayo karakana haifunguliwi nayo imepotea, huku "kila siku" imebaki, na sasa ni uongo mtupu. Anayekuja Jumapili na friji kwenye Bajaji ana haki ya kukasirika.

Chanzo si urefu, ni mpangilio. Mahali pa karakana panaanza kutajwa kwenye herufi ya 599. Kabla ya hapo msomaji amepitia salamu, sifa, lengo kuu na punguzo. Hata pale ambapo maandishi yote yanaingia, simu huonyesha mistari michache ya mwanzo tu, na mengine yanafichwa hadi mtu aguse neno la kuendelea. Wengi hawagusi.

Kwa hiyo usianze kwa kufupisha maneno. Anza kwa kuuliza kila sentensi: mteja akiisoma, atajua nini ambacho hakukijua? Sentensi ya kwanza ina herufi 189, na habari pekee iliyomo ni "Dar es Salaam". Ile ya lengo kuu ina 101 na haina habari yoyote. Hakuna karakana inayotangaza kwamba lengo lake ni mteja asiridhike. Ile ya mafundi waliosomea, ya punguzo na ya "Karibuni nyote" nazo zinaondoka. Ukitoa sentensi hizo tano, yanabaki maandishi ya herufi 432. Hujagusa huduma, mahali wala saa, na tayari umeingia ndani ya kipimo cha WhatsApp.

Hapo ndipo kazi ya lugha inapoanza. "Tunajihusisha na masuala yote ya utengenezaji wa" ni herufi 48. "Tunatengeneza" ni 13. "Tunapatikana" ni 12, "Tupo" ni 4. "Kuanzia saa 2 asubuhi mpaka" inaweza kuwa "saa 2 asubuhi hadi" bila kupoteza kitu. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinabeba mtenda, wakati na hata mtendwa, na mara nyingi urefu unatokana na nomino za kiofisi zilizorundikwa mbele yake: utengenezaji wa, utoaji wa, uuzaji wa. Zirudishe ziwe vitenzi na utashangaa nafasi inavyofunguka.

Maandishi mapya yanakuwa hivi:

"Tunatengeneza friji, friza, viyoyozi na mashine za kufulia. Tupo Sinza Afrika Sana, Barabara ya Shekilango, ghorofa ya chini, mkabala na kituo cha mafuta. Jumatatu-Ijumaa saa 2 asubuhi hadi 12 jioni, Jumamosi saa 3 asubuhi hadi 8 mchana, Jumapili tumefunga. Tunakuja nyumbani Sinza, Mwenge, Kijitonyama na Ubungo. Mbali zaidi, tupigie kwanza. Tunajaza gesi, tunabadilisha kompresa, mikanda na pampu za maji, na tunauza vipuri kwa jumla na rejareja."

Ni herufi 448. Huduma, mahali na saa zote zimekamilika ndani ya 257 za mwanzo. Jina la karakana halimo kwa makusudi: lina sehemu yake, na linaonekana juu ya maelezo kila mara. Kulirudia ni kutupa herufi.

Haya yanatosha Google na WhatsApp kwa pamoja. Hakuna sheria inayokulazimisha kujaza 750. Kama wateja wengine hawasomi Kiswahili, herufi 302 zilizobaki upande wa Google zitumie kwa muhtasari wa lugha wanayoisoma, ukiwa chini ya Kiswahili, si katikati yake.

Dalili: wasifu unasema mmefunga wakati mlango uko wazi

Hili ndilo kosa linalowauma zaidi wafanyabiashara wetu, na halisababishwi na maelezo bali na sehemu ya saa za kazi iliyo pembeni yake. Tunahesabu saa kuanzia kucha na kuchwa. Fomu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Mtu ameandika kwenye maelezo "saa 2 asubuhi hadi 12 jioni", sawa kabisa, kisha akaingia kwenye fomu na kuchagua 2 na 12 vilevile.

Tazama matokeo yake. Akichagua 2:00 AM hadi 12:00 PM, wasifu utaonyesha karakana inafunguliwa saa 8 usiku na kufungwa saa 6 mchana. Asubuhi yote hakuna anayegundua kosa, kwa sababu wasifu unasema "wazi" na kweli pako wazi. Ikifika saa 7 mchana simu zinapungua ghafla. Jumamosi ni mbaya zaidi: 3:00 AM hadi 8:00 AM ni saa 9 usiku hadi saa 2 asubuhi, yaani wasifu unafunga saa moja nzima kabla fundi hajafika kazini.

Kwa hiyo ukiambiwa "nimeona mmefunga", uliza siku na muda alioangalia. Kama malalamiko ni ya mchana na ya Jumamosi, chanzo ni hiki bila shaka. Kama ni ya siku moja tu, angalia saa za sikukuu, tutazifikia.

Tiba ni kuongeza au kutoa sita kabla ya kugusa fomu. Saa 2 asubuhi inaingizwa 08:00, saa 3 asubuhi 09:00, saa 8 mchana 14:00, saa 12 jioni 18:00. Saa 6 usiku ni 00:00, na kwenye fomu ya AM na PM ni 12:00 AM. Hapo ndipo wenye migahawa na maduka ya dawa huteleza, wakachagua 12:00 PM ambayo ni adhuhuri. Simu ikiwa kwenye mfumo wa saa 24 makosa yanapungua, maana 18:00 haiwezi kuchanganywa na kitu kingine.

Ndani ya maelezo ya Kiswahili bakia na saa za Kiswahili, na kila saa iwe na asubuhi, mchana, jioni au usiku wake. Usiandike "8:00-18:00" katikati ya sentensi ya Kiswahili ukidhani umesaidia. Kuna atakayesoma saa 8 mchana, na ana sababu. Maelezo ya lugha nyingine yatumie saa za lugha hiyo. Kinachoharibu ni kuchanganya mifumo miwili kwenye mstari mmoja.

Dalili: kihesabio cha simu na hesabu yako havikubaliani

Umehesabu 508, WhatsApp inasema umezidi. Kabla ya kukata neno zima, tafuta herufi zisizoonekana. Weka maandishi kwenye seli A1 ya jedwali la Excel au Google na uandike fomula hizi mbili kwenye seli tofauti:

```
=LEN(A1)
=LEN(TRIM(SUBSTITUTE(A1,CHAR(160)," ")))
```

Ya kwanza inatoa idadi yote. Ya pili inahesabu baada ya kuondoa nafasi zilizorudiwa, zile za mwanzoni na mwishoni, na kugeuza ziwe za kawaida zile nafasi ngumu zinazokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti au faili la ofisi. Namba zikitofautiana, tofauti yake ndiyo takataka. Kupata maandishi yaliyosafishwa yenyewe, toa LEN:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A1,CHAR(160)," "))
```

Kisha nakili jibu hilo na ulibandike kama maandishi matupu.

Mgeni mwingine ni emoji. Ile pini nyekundu ya mahali inaonekana kama alama moja lakini LEN inaweza kuihesabu mbili, na bendera ya nchi ikahesabiwa nne. Mitandao haifanani katika kuzihesabu, ndiyo maana maandishi yenye emoji yanaweza kukubalika sehemu moja na kukataliwa nyingine. Kwenye herufi 150 za Instagram, emoji tatu za kupamba zinaweza kugharimu neno "Sinza" na nafasi yake.

Halafu kuna nyota. Mtu ameandika tangazo kwenye WhatsApp, akazungushia maneno nyota ili yawe meusi, kisha akalinakili kwenda Google. Kule nyota zinabaki nyota: zinahesabiwa, na zinaonekana hivyohivyo machoni pa mteja. Zitoe zote.

Acha akiba ya herufi kama 10 chini ya kipimo. Siku utakayotaka kubadilisha "saa 8" iwe "saa 10" hutalazimika kuandika upya kila kitu.

Dalili: Google imekataa maelezo, au hayatokei

Kama hujazidi 750, soma kilichomo. Google haitaki anwani za tovuti ndani ya maelezo, na haitaki maelezo yanayojikita kwenye punguzo, bei na ofa. Ile sentensi ya "PUNGUZO LA ASILIMIA 20 MWEZI HUU!!!" ni mshukiwa wa kwanza, kwa ofa yake na kwa zile herufi kubwa na alama za mshangao tatu. Ipeleke kwenye machapisho ya wasifu, ambako kuna nafasi ya herufi 1,500 na ambako tangazo la mwezi huu linastahili kuwa. Hata kama lisingekataliwa, mwezi ujao lingekuwa limepitwa na bado liko pale. Kiungo cha tovuti nacho kina sehemu yake maalumu.

Mabadiliko mengine hupitiwa kabla ya kuonekana. Ukihifadhi na usiyaone mara moja, subiri. Kuhariri mara tano kwa siku moja hakuharakishi kitu, na utashindwa kujua ni toleo gani limekataliwa.

Kuna njia ya mkato ambayo wengi huichukua wakishabanwa na kipimo: wanahamishia huduma na mahali kwenye jina la biashara. Karakana inayoitwa jina moja kwenye bango inageuka kuwa "Fundi Friji Bora Sinza Mwenge Kujaza Gesi Saa Zote". Usifanye hivyo. Masharti ya Google yanataka jina liwe lile linalotumika kweli, kama lilivyo kwenye bango lako, na wasifu wenye jina lililojazwa maneno unaweza kusimamishwa. Huduma zina nafasi yake: aina kuu ya biashara, aina za ziada hadi tisa, na orodha ya huduma ambamo kila huduma inaruhusiwa maelezo yake mafupi ya herufi 300. Kujaza gesi kunaingia hapo, kubadilisha mkanda wa mashine kunaingia hapo, na sentensi ya mwisho ya maelezo inaweza hata kuondolewa ukihitaji nafasi.

Dalili: wateja wanapotea njia ingawa maelezo yameandika mahali sahihi

Tenganisha mambo mawili. Maneno yaliyo kwenye maelezo hayasogezi pini ya ramani hata kidogo. Mteja akigusa "maelekezo", simu inafuata pini. Kama pini imeanguka upande wa pili wa barabara au katikati ya kata, utaandika "Afrika Sana" mpaka uchoke na bado atapelekwa kwingine. Fungua sehemu ya anwani, kuza ramani hadi uone paa la jengo, buruta pini ikae mlangoni. Kwenye Ramani za Google kila sehemu ina pia Plus Code, msimbo mfupi wenye alama ya kujumlisha unaotaja mraba wa takriban mita 14 kwa 14. Kwa mitaa isiyo na namba za nyumba msimbo huo unafaa kumtumia dereva wa bodaboda, lakini kwenye maelezo ya mteja wa kawaida haumwambii kitu.

Kama pini iko sawa, basi kosa liko kwenye maneno. Neno "karibu na" ndilo linalopoteza watu wengi zaidi. "Karibu na kituo cha mafuta" inaweza kuwa nyuma yake, ubavuni mwake au hatua mia moja mbele. "Mkabala na", "nyuma ya", "ubavuni mwa" zinasema kitu, na tofauti ya urefu ni herufi moja au mbili tu. Kama barabara ina vituo viwili vya mafuta, alama hiyo haitoshi peke yake. Ongeza upande: "kulia ukitokea Bamaga" ni herufi 21. Pamoja na koma na nafasi yake ni 23, na maandishi yetu yanafika 471, bado ndani ya 512.

Chagua alama isiyohama. Shule, msikiti, kanisa, kituo cha daladala na kituo cha mafuta hukaa miaka. Kibanda cha chipsi na bango la tangazo ni vya leo. Jina la kampuni ya kituo cha mafuta nalo hubadilika kituo kikiuzwa, ndiyo maana kwenye mfano tumeandika "kituo cha mafuta" bila jina. Hilo ni suala la kupima mwenyewe: kama majirani wote wanakiita kwa jina, liweke, na ukumbuke kulibadilisha siku bango litakaposhushwa.

Biashara isiyopokea wateja mahali pake, kwa mfano fundi anayefanyia kazi nyumbani kwa watu tu, isitaje mlango kabisa. Google inaruhusu kuficha anwani na kutaja maeneo ya huduma hadi 20. Maelezo hapo yaanze na "Tunakuja nyumbani" na majina ya mitaa. "Popote alipo" ya maandishi ya mwanzo ni ahadi ambayo itakuletea simu ya Chalinze.

Dalili: simu nyingi za kuuliza huduma msizotoa

"Mnatengeneza na televisheni?" Kama swali hili linarudi kila wiki, angalia "masuala yote", "vifaa vya umeme vya majumbani" na "n.k." Maneno hayo matatu yamefungua mlango wa televisheni, pasi, jiko la umeme na redio. Wakati huohuo, mwenye friji isiyogandisha anatafuta neno "friji", wala haendi kutafuta "vifaa vya umeme vya majumbani".

Taja vitu kwa majina yake ya sokoni, ukianza na kinacholeta kazi nyingi. Vinne vinatosha mwanzoni. Kama kuna kitu mnaulizwa sana na hamkitengenezi, "Hatutengenezi TV" ni herufi 16 na itakuokolea muda kila siku. Ni moja ya sentensi za kukataa zinazostahili nafasi yake.

Dalili: toleo fupi limekuwa mafumbo

Kwenye Instagram hakuna nafasi ya kila kitu, na hapo ndipo watu huandika "J1-J5 2-12 mkb na sheli". J1 ni Jumamosi kwa mwingine na Jumatatu kwa mwingine. "2-12" haina asubuhi wala jioni. Ufupisho unaofaa ni ule ambao mtu anausoma kwa sauti bila kusita: Jtatu, Jmosi, Jpili, asb. Zaidi ya hapo unatunga mafumbo.

Toleo la Instagram kwa mistari mitatu:

"Mafundi wa friji, viyoyozi na mashine za kufulia
Sinza Afrika Sana, Shekilango
Jtatu-Ijumaa saa 2 asb-12 jioni, Jmosi 3 asb-8 mchana, Jpili hatupo"

Herufi 146 pamoja na kuruka mistari miwili, yaani akiba hapa ni nne tu. Friza imeondoka kwa sababu mwenye friza atamfuata fundi friji. Ghorofa na kituo cha mafuta vimeondoka kwa sababu mtu aliyefika Afrika Sana atapiga simu au atafungua ramani. Saa hazikuguswa.

Kwenye Facebook, herufi 101 zinalazimisha uamuzi mwingine. Huduma, mahali na saa kamili haviingii pamoja, na kati ya hivyo vitatu, saa zina sehemu yake kwenye ukurasa. Kwa hiyo weka siku tu:

"Mafundi wa friji, viyoyozi na mashine za kufulia. Sinza Afrika Sana, Dar. Jtatu-Jmosi, Jpili hatupo."

Ni 100. Hapa ile akiba ya kumi haikuwekwa, kwa kuwa hakuna saa ya kubadilisha ndani yake. Lakini masharti ya uamuzi huu ni kwamba sehemu ya saa za ukurasa iwe imejazwa kweli, kwa 08:00 na 18:00, na Jumamosi kwa 09:00 na 14:00.

Dalili: saa zimebadilika na wewe hukuzigusa

Watumiaji wa ramani wanaweza kupendekeza marekebisho, na Google yenyewe inaweza kuonyesha mabadiliko kwenye wasifu wako. Ukiingia utaona taarifa ya kukubali au kurekebisha, usiiache ikae. Mara nyingi pendekezo la aina hii linatokea kwa sababu maelezo yanasema hivi na sehemu ya saa inasema vile, mteja akajaribu kusaidia.

Sikukuu zisiingie kwenye maelezo. Saba Saba, Nane Nane, Krismasi na Idi zina sehemu ya saa maalumu, ambayo inachukua tarehe moja na kurudi kawaida siku inayofuata. Idi inategemea mwandamo wa mwezi, kwa hiyo weka tarehe inayotarajiwa mapema na uirekebishe usiku ule mwezi ukitangazwa. Aliyeandika "Idi tumefunga" ndani ya maelezo ndiye utakayekuta bado amefunga miezi mitatu baadaye.

Maelezo ya mitandao yote minne yaweke kwenye jedwali lilelile la fomula: safu moja ya jina la mtandao, moja ya kipimo, moja ya maandishi, moja ya LEN. Saa zikibadilika unahariri hapo kwanza, unaona idadi, kisha unabandika kila mahali siku hiyohiyo. Baada ya hapo azima simu ambayo haijaingia kwenye akaunti yako, tafuta karakana kwa jina, na usome kile tu kinachoonekana bila kugusa chochote.